Tupeane uzoefu: mapungufu na mipaka ya utafiti, mnayaandikaje bila kuibomoa kazi?

Mpitiaji wa Kisauni
Leo nimesoma rasimu ya tasnifu ya umahiri, nikakuta sentensi ileile ya siku zote: "Mtafiti alikumbwa na uhaba wa muda na fedha." Kwisha. Haisemi muda huo ulimkosesha nani, wala jibu gani limeguswa. Nyinyi mnaiandikaje sehemu hii? Wekeni mifano.

Bint Likoni
Nimeichoka hiyo sentensi. Kila tasnifu inayo.

Mkokotoaji
Tenganisheni kwanza uliloamua na lililokupata. Chukueni mfano wa kutunga: wanawake wenye meza soko la Kongowea, na mikopo ya simu. Kuwaacha wachuuzi wa barabarani ni mpaka. Uliuchagua mwenyewe, kwa hiyo toa sababu: wenye meza wamo kwenye orodha, unaweza kuchagua sampuli kwa bahati nasibu. Mpaka hauombewi radhi.

Sasa lililokupata, yaani pungufu. Orodha ina watu 400, ukatumia fomula ya Yamane ya kupata ukubwa wa sampuli, kwa kosa la 5%:

```
n = 400 / (1 + 400 × 0.05²) = 200
```

Hojaji zikarudi 138. Wasaidizi walipita asubuhi tu, wanaofungua meza alasiri wakakosekana. Kati ya 138, waliosema wanakopa ni 69, yaani 50%. Mwoga ataandika "baadhi hawakupatikana". Mimi ningeandika hivi:

"Kati ya wanawake 200 waliochaguliwa, 62 hawakufikiwa, wengi wao wakiwa wauzaji wa alasiri. Wote 62 wangekuwa hawakopi, kiwango kingekuwa 34.5%, wote wangekuwa wanakopa, kingekuwa 65.5%. Kwa hiyo 50% isomwe kuwa ni ya waliofikiwa asubuhi, si ya soko zima."

Hapo mtahini hana pa kukuchimba, maana shimo umelipima mwenyewe. Halafu sura ya mwisho isije ikasema "nusu ya wanawake wa Kongowea". Watu wengi hunaswa hapo: sura ya kwanza inakiri, ya tano imesahau.

Msomi wa Tudor
Mbona mwazunguka? Weka akiba mapema. Gawa hojaji 250, zikirudi 200 upungufu haupo tena.

Mkokotoaji
Nusu ya kweli, ndugu yangu. Akiba inakuponya na uchache. Lakini ukigawa 250 asubuhi ileile, utarudi na 200 wa asubuhi. Idadi imetimia, soko la alasiri bado hulijui. Dawa ni kurudi saa kumi jioni, hata kwa watu 15 kati ya wale 62, ulinganishe majibu yao na ya wenzao. Ukishafanya hivyo, liandike: ulifanya nini kupunguza tatizo, na nini kimebaki.

Bi Mkubwa wa Nyali
Samahanini, mipaka ni ya kata na kaunti, sivyo? Mimi nimeandika Mvita na Nyali. Nimehoji madereva 12 wa tuktuk, na mtahini aniambia niweke uchache wao kwenye mapungufu.

Mpitiaji wa Kisauni
Mahali ni sehemu moja tu ya mipaka, mamangu. Muda, kundi la watu na dhana ulizoziacha nje pia ni mipaka. Kuhusu 12: kama ni mahojiano ya kina, na wale wa mwisho hawakuleta jambo jipya, uchache si kasoro. Eleza tu kwamba uliacha kuhoji majibu yalipoanza kujirudia. Lakini je, wote 12 walitoka stendi moja?

Bi Mkubwa wa Nyali
Wote stendi moja, na aliyenipeleka ni mwenyekiti wao.

Mpitiaji wa Kisauni
Basi pungufu lako ni hilo, si 12. Dereva aliyeletwa na mwenyekiti hatasema mabaya ya chama chao. Taja ni swali gani limeathirika, hapo la uongozi, na useme lipi halikuguswa, kama la bei ya petroli. Usiitie doa kazi nzima kwa kosa la swali moja.

Msomi wa Tudor
Na mkiyaanika yote hayo jopo litawauliza mlikwenda kufanya nini. Matatu yatosha. Yaliyobaki nyamaza.

Bint Likoni
Usinyamazie linalogeuza jibu! Punguza yasiyogusa matokeo: mvua, foleni ya feri, wino kuisha. Hayo ni malalamiko.

Mkokotoaji
Naungana na Bint. Pia angalieni nyakati za vitenzi: pendekezo husema "huenda wahojiwa wakasita", tasnifu iseme walisita au hawakusita. Wengi hunakili tu, na mtahini ajua papo hapo.

Bi Mkubwa wa Nyali
Na hili la mwenyekiti niliweke sura ya kwanza au ya tano? Msimamizi ataka ya kwanza, mtahini ataka ya tano.

Mpitiaji wa Kisauni
Fuata mwongozo wa idara kwanza. Mimi huliweka sura ya kwanza kwa ufupi, kisha narudi ya tano pale linapogusa hitimisho.

Msomi wa Tudor
Mimi sikubali kurudia. Mahali pamoja tu, tena sura ya tatu, kwenye mbinu.