Mshahara wa mume wangu hautulii, naombeni ushauri

MamaNuru: Wapendwa, habari zenu. Mume wangu ni fundi mitambo, si mlevi wala hana nyumba ndogo. Ila mshahara ukiingia ni nyama, viatu vya watoto, redio mpya, na nusu ya mwezi haijafika tunakopa unga dukani. Alilelewa na bibi yake, na kila alichoweka kwenye kibubu wajomba walivunja wakachukua. Nikitaja akiba ananijibu, "Hela ikilala wanaila wengine." Nifanyeje bila kugombana?

Kigogo: Kadi ya benki kaa nayo wewe. Sisi tulifanya hivyo, tukajenga.

Mwl. Tabu: Kigogo, kuitoa hela mkononi siku ileile ni sawa. Lakini huyu aliporwa utotoni, na mke akimnyang'anya kadi anakuwa mjomba mwingine. Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwahi kuwajaribu watoto 28. Mtu mzima aliwaahidi vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Kundi moja akawaletea, jingine akarudi mikono mitupu. Kisha kila mtoto akapewa peremende, akaambiwa akisubiri atapata ya pili. Waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12 hivi, waliodanganywa kama 3. Kwa hiyo, MamaNuru, usianze na nidhamu, anza na ahadi inayotimia. Baada ya kodi na ada mnabaki na kiasi gani?

MamaNuru: Kama 440,000.

Mwl. Tabu: Siku ya mshahara 40,000 iingie akaunti ya jina lake peke yake, namba ya siri aijue yeye tu. Achague kitu anachokitaka mwenyewe, kinachopatikana kwa 80,000, na mwezi wa pili akanunue hata kama nyumbani kuna shida ndogo. Kikishanunuliwa, lengo linalofuata liwe la miezi minne. Ile 400,000 igaweni mafungu manne, la wiki litoke kila Ijumaa, na nyama iwemo humo, msiikate. Akichomoa akiba kabla ya tarehe, kiasi kilikuwa kikubwa. Anzeni upya na 20,000.

Babu Seremala: Mimi sabuni. Miaka ya themanini tulipanga foleni duka la kaya, tukala unga wa yanga. Hadi leo stoo yangu ina katoni za sabuni na sukari iliyoganda, na hospitali naogopa kulipia. Mke wangu analalamika.

Mwl. Tabu: Shikamoo babu. Wewe umeshikilia, yule anamwaga, lakini hofu ni moja. Weka kiwango: sabuni ya miezi miwili, na isinunuliwe nyingine mpaka ya zamani iishe. Hela inayobaki itenge kwa jina la matibabu, hapo kuitoa hutaona unapoteza.

MamaNuru: Asante mwalimu, nitamwonyesha usiku huu. Ila wale wajomba bado wanapiga simu kila mwisho wa mwezi, naye hawezi kuwanyima. Watoke kwenye fungu gani?

Kigogo: Wasipewe.

Mwl. Tabu: Kigogo, mmoja wao ndiye aliyemlipia shule, huenda. MamaNuru, muulize kwanza mumeo, anadhani anawadai wajomba au wao ndio wanamdai?