Naomba ushauri: komedi ya kuangalia na babu, bibi na watoto wadogo

Habari zenu wapendwa, niko Dodoma, Nkuhungu. Jumamosi wakwe zangu wanakuja kutoka Kongwa na nataka jioni tukae wote sebuleni tucheke, mabinti zangu wana miaka 4 na 7. Mara ya mwisho niliweka muvi ya kutafsiriwa, dakika ya kumi tu yule dijei akaporomosha tusi, baba mkwe akainuka kimya akaenda kukaa nje, niliumia sana jamani. Ndo maana safari hii nataka isiyo na maneno kabisa, maana mama mkwe Kigogo ndo lugha yake na yale maandishi ya chini hayaoni, na huyu mdogo hajajua kusoma.

Nimeipata Shaun the Sheep Movie ya 2015, kama dakika 85, hawaongei, wanaguna tu. Kondoo wanamlaza mwenye shamba ili wapumzike, anaishia mjini, anagonga kichwa anapoteza kumbukumbu, halafu anakuwa kinyozi kwa vile mikono yake imezoea kunyoa kondoo! Baba mkwe amefuga kondoo maisha yake yote, hapo najua atacheka.

Wasiwasi wangu ni yule jamaa anayekamata wanyama anawafungia, binti yangu mdogo akiona mnyama kafungiwa analia. Walioangalia na mtoto wa miaka 4, aliogopa? Au niweke Mr. Bean, vipande vya kama dakika 25, nikague kwanza maana kuna pengine anabaki bila nguo?