Mrejesho: GB 12 au GB 16?

Swali langu lilikuwa: "Wakuu, nichukue RTX 4070 ya GB 12 au RTX 4060 Ti ya GB 16? Narenda kwa Blender na nataka kuendesha modeli za lugha nyumbani."

Wakuu, nilichukua ya GB 16. Kilichoamua ni hesabu ya modeli. Qwen2.5 14B iliyobanwa kwa Q4_K_M ina uzito wa karibu GB 9. Nilidhani GB 12 zingebaki na nafasi, lakini kumbukumbu ya mazungumzo nayo inakula: tokeni 16,384 zinahitaji GB 3 nyingine. Hapo GB 12 zimeisha, na skrini yenyewe haijachukua chake. Sehemu ya modeli ikihamia RAM ya kawaida, majibu yanatoka kwa kujikokota. Unaligundua hilo kwa `nvidia-smi`: kumbukumbu imejaa pomoni, lakini kadi haina kazi nyingi.

Kwenye Blender, mlaji mkubwa ni picha za kuvalisha nyuso. Moja ya 8K hufunguka kuwa MB 256 hata kama faili ni dogo diskini. Za nyuma kabisa nimezishusha hadi 4K, kila moja MB 64, na jichoni hakuna tofauti.

Ila kasi nimeisamehe. Kumbukumbu ya 4060 Ti hupitisha GB 288 kwa sekunde, ya 4070 GB 504. Kama kazi zako zote zinaenea kwenye GB 12, chukua 4070.