Naomba ushauri: nahodha alipogeuza meli, logi hatukuandika

Wakuu habari. Mimi ni afisa wa pili kwenye meli ndogo ya mizigo, tunakwenda Komoro. Wiki jana saa nane usiku, chaneli 16 ililia "mayday": boti imezima injini, inaingia maji, maili 14 nyuma yetu. Nahodha aligeuza kwa kasi yote na kuwajibu kuwa tunakuja. Mwenye meli akapiga simu akifoka mafuta yanaisha.

Ninavyojua, SOLAS sura ya V, kanuni 33, inamtaka nahodha aende haraka, na kanuni 34-1 inamkataza mwenye meli kumzuia. Asipokwenda lazima aandike sababu kwenye logi.

Sasa kilichonitatiza: tukiwa maili 5 kutoka kwao, meli nyingine iliyowafikia ilitangaza redioni kuwa wote wamepanda, msaada hautakiwi tena. Tukarudi njiani. Kwa haraka zile, hakuna aliyeandika saa wala jina la meli ile. Mwenye meli sasa anadai tulipotea njia kwa uzembe.

Je, tuandike leo, kwa tarehe ya leo, tukieleza kuwa tumechelewa? Au rekodi ya VDR inatosha? Yetu hufuta ya zamani.