Naomba ushauri: Booth inanizidishia mapigo ya saa badala ya kuyapunguza

Wakuu, habari. Naunda saketi ya kuzidisha namba za biti 8 zenye alama. Kujumlisha kunachukua pigo moja la saa, kusogeza biti pigo lingine. Njia ya kawaida ya kusogeza na kujumlisha ilikuwa sawa, mradi biti ya mwisho, ile ya alama, nitoe badala ya kujumlisha.

Nikahamia Booth. Kizidishi kikiwa 00111100 napata mapigo 10 badala ya 12, kwa sababu mfululizo wa 1 unageuka kuwa kutoa mara moja na kujumlisha mara moja. Lakini 01010101 inaniaibisha: kawaida ni mapigo 12, Booth ni 16, maana kila biti inatofautiana na jirani yake na kila mara kuna kazi.

Sasa nimejaribu Booth ya besi 4, inayosoma biti tatu na kuruka mbili. Hatua ni 4 tu, kwa hiyo hata hali mbaya kabisa ni mapigo 8. Tatizo ni -128 × -128: napata C000 badala ya 4000. Tarakimu pekee isiyo sifuri hapo ni -2, na -2 × -128 ni 256, ambayo kikusanyaji changu cha biti 9 hakiwezi kuibeba (mwisho wake 255), kikaisoma kama -256.

Je, niongeze kikusanyaji kiwe biti 10, au kuna ujanja wa bei nafuu zaidi? Na je, kichaguzi cha njia tano kitarefusha pigo kiasi cha kumeza faida yote?