Msaada: LiH inatoa kyubiti 12, pepa inasema 4, na nikizipunguza nishati inaharibika

mkemia_mdogo
Wakuu habari za saa hizi. Nipo masta ya kemia, fizikia ya kwanta nimeisoma kijuujuu tu, kwa hiyo mniwie radhi nikiuliza vitu vya msingi. Mwalimu wangu kanipa kazi nirudie LiH ya ile pepa ya IBM ya 2017 ya Kandala na wenzake, ile yenye H2, LiH na BeH2, mle wameandika kyubiti 4 kwa LiH. Mimi nikiweka STO-3G na Jordan-Wigner kwenye Qiskit Nature inanitolea 12. Nikaelekezwa nitumie pariti, nifrizi kor ya Li na nitupe obitali mbili, nikafanya, kweli ikashuka hadi 4, ila sasa nishati ya chini kabisa inakuja juu ya Hartree-Fock. Na sijatumia VQE wala nini, nimepiga daiagonali ya matriksi moja kwa moja. Kodi yenyewe hii:

```python
p = PySCFDriver(atom="Li 0 0 0; H 0 0 1.6", basis="sto3g").run()
p = FreezeCoreTransformer(remove_orbitals=[3, 4]).transform(p)
m = ParityMapper(num_particles=(2, 2))
op = m.map(p.hamiltonian.second_q_op())
```

Naomba mnisaidie mawili. Kwanza hizo 4 zinatokea wapi kihalali, pili hapo pameharibika nini.

Kidume_wa_Quanta
Mbona rahisi mkuu, LiH ina elektroni 4, Li tatu na H moja, ndo kyubiti 4. H2 elektroni 2 kyubiti 2, BeH2 elektroni 6 kyubiti 6. Angalia hiyo pepa yako zote tatu zinakubali.

bi_spini
Kidume nimecheka maana kweli zote tatu zinakubali, lakini ni bahati tu. Chukua H2 hiyohiyo uibadilishe besisi iwe 6-31G: kila H inapata obitali 2, jumla 4, ukihesabu na spini ni 8, kwa hiyo Jordan-Wigner itakudai kyubiti 8 na elektroni bado ni mbili zilezile. Kinachohesabiwa ni nafasi za kukaa elektroni, elektroni zenyewe hazihesabiwi. LiH kwa 6-31G ni nafasi 22.

Sasa mkemia, twende na LiH yako. Li kwa STO-3G ina 1s, 2s na 2p tatu, hizo 5, H ina moja, jumla 6, mara spini mbili ni 12. Hapo ndo 12 yako, haina kosa. Ukifrizi 1s ya Li zinabaki 10. Ukitupa zile p mbili zilizokaa pembeni ya bondi zinabaki 6. Pariti inaondoa 2, unabaki na 4. Lakini naomba uelewe kwamba hatua hizo haziko sawa: kufrizi na kutupa ni makadirio, unapoteza kitu kidogo kwenye nishati, ila zile 2 za pariti hupotezi chochote hata desimali ya kumi.

dalali_wa_data
Tumia Bravyi-Kitaev achana na hizo habari, ile inapunguza kyubiti mpaka logi ya N.

bi_spini
Hapana dalali, umechanganya. Bravyi-Kitaev inatumia kyubiti N kama Jordan-Wigner. Kilicho logi ni urefu wa kila kipande cha Pauli. Jordan-Wigner ukihamisha elektroni kutoka obitali 0 kwenda 5 inabidi uweke Z kwenye 1, 2, 3 na 4 zote za katikati ili alama ya kujumlisha na kutoa isipotee, Bravyi-Kitaev inafupisha huo mkia. Kwa kyubiti 12 huo ufupisho hata hauuoni vizuri, unaanza kuwa na maana molekuli ikikua.

dalali_wa_data
Sawa kuhusu idadi nakubali. Lakini kwenye mashine halisi yenye kelele mkia mfupi ni geti chache, kwa hiyo hata kwa ndogo bado mimi nachagua BK.

bi_spini
Inategemea kyubiti zimeunganishwaje kwenye chipu na saketi umeiandikaje, nimeona JW ikishinda na nimeona ikishindwa. Hilo tuliache maana siyo swali lake.

mkemia_mdogo
Dada asante sana, hesabu ya 12 mpaka 4 nimeielewa. Ila kwa nini pariti iondoe 2 bure? Hapo ndo nasoma naona herufi tu.

bi_spini
Fanya na H2 kwa mkono kwenye karatasi, utaiona. Obitali mbili, ya chini na ya juu, kila moja ina spini juu na spini chini. Panga spini juu zote kwanza halafu spini chini zote: juu-0, juu-1, chini-0, chini-1. Hali ya Hartree-Fock, elektroni zote mbili obitali ya chini, ni 1010. Pariti haiandiki nani yupo, inaandika jumla kuanzia mwanzo mpaka hapo ni witiri au shufwa. Kwa hiyo 1010 inakuwa 1, 1, 0, 0. Chukua ya elektroni zote mbili kupanda, 0101, inakuwa 0, 1, 1, 0. Halafu 1001 inakuwa 1, 1, 1, 0 na 0110 inakuwa 0, 1, 0, 0.

Sasa angalia safu ya pili na ya nne tu. Ya pili ni 1 kote, ya nne ni 0 kote. Lazima iwe hivyo maana ya pili inasema spini juu ziko ngapi (moja, witiri) na ya nne inasema elektroni zote ziko ngapi (mbili, shufwa), na Hamiltoniani haibadilishi hizo idadi. Kyubiti isiyobadilika kamwe ya nini kubaki nayo, unaandika thamani yake moja kwa moja kwenye fomula na kuifuta. Zinabaki 10, 01, 11 na 00, kyubiti mbili. Tena Hartree-Fock 10 inachanganyika na 01 peke yake kwa sababu ya simetri ya molekuli, kwa hiyo H2 unaweza kuishusha hadi kyubiti MOJA bila kupoteza kitu.

Na hapohapo ndo kosa lako lilipo. Ukiwa unafuta hizo kyubiti mbili unatakiwa uiambie mashine thamani zake, na hizo zinatoka kwenye `num_particles`. Wewe umeweka (2, 2), ambazo ni elektroni za LiH nzima. Ukishafrizi kor zimebaki (1, 1). Jumla 4 na jumla 2 zote shufwa, hapo umepona, lakini spini juu umeandika shufwa wakati ni witiri. Umeenda kutafuta nishati kwenye chumba cha jirani.

mkemia_mdogo
Duh. Na mbona haikupiga kelele? Hakuna era wala onyo, kyubiti 4 zimetoka safi.

bi_spini
Haiwezi kupiga kelele maana umeipa sekta halali, ila siyo yako. Dalili ni hiyohiyo uliyoiona: ukipiga daiagonali kamili, jibu la chini kabisa haliwezi kuwa juu ya Hartree-Fock, kwa sababu hali ya Hartree-Fock imo ndani ya matriksi hiyo. Ikiwa juu basi hali hiyo haimo, upo sekta nyingine. Hiyo yako kwa vyovyote ni tripleti, elektroni mbili spini juu na sifuri chini. Ukitaka uhakika mapu pia opereta ya spini kwa mapa hiyohiyo uone inatoa ngapi.

Na jihadhari, ukiivuta bondi mpaka mbali, tripleti na singleti za LiH zinakutana kwa sababu zote zinaishia atomu ya Li na atomu ya H. Kwa hiyo mtu akipima kule mbali tu anaona majibu sahihi kabisa na kosa limo. Pima pale karibu na 1.6.

Badilisha mstari mmoja:

```python
m = ParityMapper(num_particles=p.num_particles)
```

Iandike hivyo siku zote, ukibadilisha besisi au kufrizi inajirekebisha yenyewe.

kahawa_chungu
Samahani naingilia, mimi nafundisha sekondari, wanafunzi wameniuliza kuhusu kafeini maana nilisema kompyuta za kwanta zitapiga hesabu za molekuli. Hiyo inataka ngapi kwa hesabu zenu?

bi_spini
Mwalimu piga hesabu ileile. Kafeini ni C8H10N4O2. Atomu nzito 14 mara obitali 5 ni 70, ongeza H kumi, 80, mara mbili ni 160. Hiyo ni STO-3G ambayo kwa kemia ya kweli hakuna anayeiamini, na ni kyubiti zisizo na kelele. Simetri hapo itakupunguzia chache sana.

Mzee_wa_Hatri
Nimesoma yote, dada kaeleza vizuri, ila kuna mambo mawili kayapita juujuu.

La kwanza, kijana akirekebisha atapata namba karibu na -1.08 na ataogopa tena. Hiyo ni ya elektroni mbili zilizobaki tu. Nishati ya kor iliyofriziwa na msukumano wa viini (3 gawanya kwa umbali uliopimwa kwa bohr, kwa 1.6 angstromu ni kama 0.992 hatri) zinakaa pembeni kwenye `p.hamiltonian.constants`, azijumlishe ndo aone -7.88.

La pili, hizo obitali [3, 4]. Kwenye 1.6 ndizo p mbili za pembeni, unazitambua kwa kuwa nishati zake zinalingana, kama 0.164 zote mbili. Lakini akichora kurva ya umbali mpangilio unaweza kubadilika, na namba 3 na 4 zikawa kitu kingine, kurva ikaruka ghafla. Achapishe nishati za obitali kila umbali, asiamini namba.

Na mimi binafsi nisingezitupa kabisa. Ni kweli hazichanganyiki na bondi kwenye Hartree-Fock, lakini elektroni mbili zikiruka pamoja kutoka bondi kwenda p, hiyo ni korelesheni halali na unaifuta. Afrizi kor, abaki na 10, halafu aondoe kwa simetri: spini juu, spini chini, na vioo viwili vya molekuli, ni nne, anabaki na 6 bila kutupa p.

```python
m = p.get_tapered_mapper(JordanWignerMapper())
```

Vizigeu vya ukubwa wa 1e-16 vikibaki kwenye opereta, hivyo vioo vinaweza visionekane.

bi_spini
Mzee nakubali 6 ni safi zaidi, ila mwalimu wake anataka irudiwe pepa, na pepa ni 4. Mchango wa hizo p ni wa kupimwa, kama uko chini ya 0.0016 hatri watu wengi hawatamlaumu.

Mzee_wa_Hatri
Watu wengi hawatamlaumu kwenye 1.6. Aupime na kwenye 3.0 ndo tuongee.

mkemia_mdogo
Nimebadilisha ule mstari, nikajumlisha konstanti, imetoka -7.88 na iko chini ya Hartree-Fock. Nishati za 3 na 4 zinalingana kweli. Sasa naendesha ya 4 na ya 6 kwa umbali wote kama mzee alivyosema nione zinaachana wapi. Swali lililobaki: kwenye ile ya 6 kurva yangu imekata umbali mmoja, mapa imerudisha kyubiti 7 badala ya 6, ni hivyo vizigeu vidogo au kuna kingine?

Mzee_wa_Hatri
Inanukia vizigeu. Weka opereta hapa tuione.