Karanga ya kusaga imekuwa chungu na inanuka kama rangi ya mlango. Nimpe mtoto au nitupe?

Mama_Kadutu
Hamjambo wote. Niko Bukavu, naomba ushauri. Huwa nasaga karanga za kuuza kidogo kidogo na za kula nyumbani. Mwezi uliopita nilinunua karanga zilizomenywa hapa soko la Kadutu, muuzaji akasema zimetoka uwanda wa Ruzizi. Nilizikaanga mwenyewe, nikapeleka kwenye mashine, nikaweka kwenye ndoo ya plastiki. Mwanzoni ilikuwa tamu kabisa. Sasa ina uchungu unaobaki kooni, na nikifungua kifuniko napata harufu kama ya mlango uliopakwa rangi ya mafuta. Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu namchanganyia kwenye uji kila asubuhi, hata juzi amekula. Haharishi wala hatapiki. Je, imemdhuru? Na nusu ndoo iliyobaki, nikiikaanga tena au nikiitia kwenye sombe, itafaa? Ni pesa nyingi.

Ndugu_Walungu
Mama, tupa yote. Kitu chungu ni sumu. Mihogo chungu isipolowekwa vizuri inaleta konzo, miguu inakakamaa mtu hatembei tena. Karanga nazo ni hivyo hivyo, uchungu ule ni ukungu unaoleta kansa ya ini. Ambazo si chungu hazina shida.

Zawadi_Goma
Dada, zangu pia zilikuwa chungu, tena tangu siku ya kwanza. Nilizisaga na ngozi zake nyekundu, na nyingine ziliungua kwenye sufuria. Siku hizi nikishakaanga nazisugua ndani ya kitambaa, napepeta ngozi na kile kijicho kidogo cha katikati, na uchungu umekwisha. Jaribu hivyo.

Fundi_Karanga
Mama Kadutu, pole. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya kusaga karanga, hapa Lubumbashi. Ya Zawadi ni kweli, lakini uchungu wa ngozi au wa kuungua unaonekana siku ileile ya kusaga. Wako ulikuja baadaye, tena na harufu ya rangi. Hayo ni mafuta yaliyochacha.

Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Punje ikiwa nzima, mafuta yamefungiwa ndani. Ukisaga unayatoa yote nje na kuyachanganya na hewa, na hewa inaanza kuyavunja. Mwanzoni husikii kitu, ulimi unaona ni tamu tu. Baadaye yale yaliyovunjika yanagawanyika vipande vidogo vinavyoruka puani, ndiyo hiyo harufu. Kwa hiyo siku unayoinusa, kazi ilishaanza kitambo.

Chukua kiasi cha ncha ya kijiko kutoka juu, kisugue kwenye kiganja mpaka kipate joto, unuse. Kisha chimba mpaka chini ya ndoo, osha mkono kwa sabuni, ufanye vilevile. Utuambie. Ndoo ilikaa wapi?

Kuhusu mtoto: kama hakutapika wala kuharisha, vijiko hivyo vya kwenye uji siwezi kusema vimemdhuru. Mafuta yaliyochacha huwa yanasumbua tumbo, na wengi wanayakataa kwa ladha kabla hawajala mengi. Wanyama wa majaribio waliolishwa mafuta yaliyoharibika sana walidumaa na ini likaumia, lakini walipewa mengi kuliko anavyokula mtu. Kwa binadamu anayekula kidogo kidogo miaka mingi, wataalamu bado wanabishana. Hata hivyo mwache leo. Mtoto wa umri ule unampa karanga ili apate mafuta mazuri na vitamini E, na hivyo ndivyo vinavyoharibika kwanza.

Kukaanga tena hapana. Moto unafukuza harufu kwa muda, halafu unaharakisha uharibifu. Sombe nayo itaficha ladha tu.

Ndugu_Walungu
Kwa hiyo unasema ukungu si tatizo?

Fundi_Karanga
Ni tatizo kubwa kuliko hili, ndugu yangu, ndiyo maana sitaki tuvichanganye. Sumu ya ukungu inaitwa aflatoksini, na kweli inaleta kansa ya ini, zaidi kwa mwenye homa ya ini ya B. Lakini haina ladha wala harufu. Karanga tamu kabisa inaweza kuwa nayo, na hii chungu ya mama inaweza kukosa. Uliposema zisizo chungu hazina shida, hapo ndipo mtu anaweza kuumia. Mihogo inakuonya kwa ulimi mara nyingi, karanga haikuonyi.

Mama_Kadutu
Asante sana. Nimefanya. Ya juu inanuka sana kiganjani, ya chini ni kidogo, karibu nzuri. Ndoo ilikaa dirishani dukani, jua la asubuhi linaipiga. Na ndoo nilikuwa nimeongezea juu ya karanga ya zamani iliyobaki chini kidogo.

Nimeangalia pia punje mbichi zilizobaki kwenye mfuko. Nyingi ni safi, ila kuna chache zimesinyaa, na nyingine zina vumbi la kijani kwenye mpasuko wa katikati.

Fundi_Karanga
Juu kubaya kuliko chini: ni hewa na mwanga, basi. Na ile ya zamani ilikuwa imeshaanza kuvunjika, ikaivuta mpya. Usiongezee tena juu ya mabaki. Maliza, osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha, ndipo ujaze. Tumia chombo kisichopitisha mwanga, kijae mpaka juu, kikae mahali pa baridi. Saga za wiki moja au mbili, nyingine zibaki punje.

Hizo za vumbi la kijani ndizo zinazonitia wasiwasi. Sumu haisambai sawasawa kwenye mfuko, inajaa kwenye punje chache mbovu. Kwa hiyo kuchagua kwa mkono kunaondoa sehemu kubwa: zilizosinyaa, zenye madoa, zilizovunjika, za kijani au nyeusi. Chagua kabla ya kukaanga, halafu tena baada ya kutoa ngozi, maana madoa yanaonekana vizuri hapo. Moto wa sufuria haumalizi sumu hiyo. Na ukishasaga huwezi tena kuchagua.

MwanaIbanda
Zile mbovu ampe kuku, zisipotee bule.

Fundi_Karanga
Hapana, tafadhali. Sumu hiyo iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa chakula chenye mashudu ya karanga. Ndege wengine ni wepesi kufa, na kuku naye huumia. Ng'ombe naye akila, inapita kwenye maziwa. Zika au choma.

Ndugu_Walungu
Nimeelewa kuhusu ladha. Lakini mfuko wenye punje za kijani mimi nisingempa mtoto hata ukichaguliwa.

Fundi_Karanga
Kwa mtoto nakubaliana nawe. Kuchagua kunapunguza, hakufuti. Za mtoto ningenunua zenye maganda, nikamenya mwenyewe. Kwa wakubwa ningezichagua, wengine hapa watasema hata hivyo ni hatari.

Kinu_Bagira
Mimi nina mashine ya kusaga. Mama, muulize mwenye mashine unakosagia kama kabla yako alisaga karanga za mtu mwingine. Kwenye sahani za chuma inabaki rojo ya jana, inachacha humo, inaingia kwenye ya kwako. Usiposafishiwa, mwambie apitishe kwanza viganja viwili vya karanga zako, zile zinazotoka uzitupe.

Mama_Kadutu
Hiyo sikuwa naijua. Nusu ndoo naitupa, hata ya chini. Kinu, viganja viwili vinatosha hata kama jana yake walisaga mahindi na soya?

Kinu_Bagira
Mahindi hayana mafuta mengi, viganja viwili vinatosha. Soya ongeza kidogo, na unuse inayotoka kabla hujaweka ndoo.